Uchambuzi wa kisa: Duka lililoilisha nyumba kupita faida yake

## Usuli

Kisa hiki kinahusu duka la rejareja la mwanamke mmoja katika kitongoji cha Dar es Salaam, ambaye hapa nitamwita Bi. M. Jina la mtaa na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa, na tarakimu zimekaribishwa kwenye elfu iliyo karibu. Mimi ni mhasibu, na huwa ninasaidia vikundi vya kuweka na kukopa kufunga vitabu vyao mwisho wa mzunguko. Tulikutana katika kikoba chake, siku alipoomba mkopo mpya wa kuongeza mtaji huku ule uliotangulia ukiwa bado unadaiwa 300,000, wenzake wakasita kumdhamini.

Duka lenyewe ni chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha la kuuzia. Linauza sukari, unga, mchele, maharage, mafuta ya kula ya kupima, sabuni, mkate, soda na vitu vidogo vya watoto. Hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, siku zote 7 za wiki. Nyuma ya duka, kwa mlango mmoja tu, ndiko familia inakoishi: Bi. M., mume wake, watoto wao wawili, na binti wa mdogo wake anayesaidia kuuza mchana. Nautaja mlango huo kwa sababu sehemu kubwa ya kisa hiki ilipitia hapo.

Alianza miaka 3 kabla ya hapo kwa mtaji wa 2,800,000. Malalamiko yake yalikuwa yale yale ninayoyasikia kwa wenye maduka wengi: wateja wapo, droo haikosi pesa, lakini gunia la sukari likiisha hana uhakika wa kununua jingine. Alikwisha kopa mara 2 kwenye kikoba ili kujaza rafu, na kila mara rafu zilijaa kwa wiki 6 au 7 kisha zikarudi kuwa wazi. Yeye aliamini kwamba tatizo ni udogo wa mtaji. Mimi nilishuku jambo jingine, lakini shuku si hesabu, kwa hiyo nilimwomba tusibadilishe chochote kwa siku 30, tuandike tu.

## Mwezi wa kupima

Tulianza usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai kwa kuhesabu mali yote kwa bei ya kununulia. Hapa wengi hukosea kwa kuhesabu kwa bei ya kuuzia, na hivyo kujihesabia faida ambayo bado imekaa kwenye rafu. Mali ilikuwa ya 1,640,000. Tukaongeza pesa taslimu na zilizokuwa kwenye simu, 95,000, pamoja na madeni ya wateja, 185,000. Kisha tukatoa alichodaiwa: 120,000 za muuzaji wa jumla na 300,000 za kikoba. Kilichobaki, ambacho ndicho mtaji wake halisi, kilikuwa 1,500,000. Alikaa kimya kwa muda mrefu akiitazama namba hiyo, kisha akaniuliza kama tumesahau kuhesabu friji. Hatukuisahau. Vyombo tuliviacha pembeni kwa makusudi, kama vilivyoachwa pembeni katika ile 2,800,000 ya kuanzia, ili tulinganishe kitu na kitu cha namna yake.

Daftari la pili lilining'inizwa kwa uzi kwenye ule mlango wa kwenda ndani, likiwa na kalamu iliyofungwa. Kila kilichopita mlangoni kuelekea nyumbani, bidhaa au pesa, kiliandikwa na aliyekibeba. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayekatazwa wala kuulizwa. Kinachotakiwa ni kuandika tu. Nadhani ahadi hiyo ndiyo iliyofanya daftari liwe la kweli, kwa maana mtu akijua ataulizwa habari ya robo ya sukari, ataichukua asiandike.

Tarehe 31 tulihesabu tena. Mauzo ya siku 30 yalikuwa 2,940,000, yaani wastani wa 98,000 kwa siku. Faida ghafi, baada ya kuondoa bei ya kununulia bidhaa zilizouzwa, ilikuwa 441,000. Matumizi ya duka yalikuwa 195,000: pango, umeme, usafiri wa mzigo, vifungashio, riba ya kikoba, pamoja na sehemu ya mwezi ya leseni, makadirio ya kodi na ada ya taka. Duka lilibakiwa na 246,000. Kwa hiyo duka halikuwa na hasara, na maelezo kwamba linakufa kwa sababu ya udogo wa mtaji hayakuwa sahihi.

Daftari la mlangoni lilisema nyumba ilichukua 341,000 katika mwezi huo huo, yaani 95,000 zaidi ya faida yote. Mtaji ulikuwa umeshuka kutoka 1,500,000 hadi 1,405,000 kwa mwezi mmoja, bila wizi, bila bidhaa kuoza na bila mteja kukimbia na deni.

Mgawanyo wa zile 341,000 ndio ulionifundisha zaidi. Kabla ya kupima, Bi. M. alikuwa na hakika kwamba kinachomwumiza ni michango ya misiba na harusi. Michango na dawa, yaani pesa alizotoa kwa mikupuo mikubwa na ambazo alizikumbuka zote, zilikuwa 85,000 tu. Pesa ndogo ndogo za nauli za watoto, mboga, vocha na gesi zilifika 119,000. Kubwa kuliko zote zilikuwa bidhaa zilizotoka kwenye rafu: 137,000 kwa bei ya kununulia. Sukari ya chai ya asubuhi, mkate mmoja kila siku, unga, mafuta ya kukaangia, sabuni ya kufulia, na soda kila alipokuja mgeni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokiita matumizi, kwa sababu hakukuwa na pesa iliyotoka mkononi.

## Mshahara wa kwanza na kosa lake

Kwa namba hizo tuliamua mambo mawili yaanze Agosti. La kwanza, nyumba haitachukua kitu dukani isipokuwa kwa kununua. La pili, Bi. M. atalipwa mshahara, na mshahara huo ndio utakaonunua. Ubishi ulikuwa juu ya kiasi. Yeye alitaka 340,000, kwa hoja kwamba ndicho nyumba inachotumia. Nilimweleza kwamba mshahara hauwezi kupangwa kwa kuangalia sufuria. Hupangwa kwa kuangalia duka linaweza kutoa nini. Nikapendekeza 240,000, yaani karibu faida yote, ilipwe kwa awamu mbili, tarehe 1 na tarehe 15.

Pendekezo hilo lilikuwa langu na lilikuwa baya. Kufikia tarehe 21 Agosti alikwenda Kariakoo na pesa zisizotosha, akarudi na nusu gunia la sukari kwa bei mbaya zaidi kwa kilo.

Sababu zilikuwa mbili, na zote zilipaswa kuonekana mapema. Kwanza, kila mwezi alikuwa anarudisha 50,000 za msingi wa mkopo wa kikoba. Riba nilikwisha ihesabu kwenye matumizi, lakini msingi wa mkopo si matumizi, kwa hiyo haukuonekana kwenye hesabu ya faida. Hata hivyo pesa zake hutoka kwenye droo ile ile. Mtu akijilipa faida yote kisha akalipa na deni, ile 50,000 anaitoa kwenye sukari na unga.

Sababu ya pili ni ya hila zaidi, na inafaa kuelezwa kwa gunia moja. Gunia la kilo 50 alilinunua kwa 128,000 na kuliuza kwa 2,800 kila kilo, likaleta 140,000. Kwenye daftari faida ni 12,000. Aliporudi kwa muuzaji wa jumla, gunia lilikuwa limepanda hadi 136,000. Kumbe katika ile 12,000, kiasi cha 8,000 hakikuwa faida ya kuliwa hata kidogo. Kilikuwa sehemu ya bei ya gunia linalofuata. Nyumba ilikwisha kula yote 12,000. Duka dogo linalouza vyakula hukutana na hali hii mara kwa mara, na mmiliki anayejilipa hadi senti ya mwisho ya faida hupunguza idadi ya magunia huku vitabu vyake vikisema hajapoteza kitu.

## Marekebisho ya Septemba

Tulianza upya kutoka kwenye 246,000. Tukaondoa 50,000 za kikoba, kisha 40,000 za kukaa dukani kwa ajili ya kupanda kwa bei na kukuza mali. Zilibaki 156,000. Tuliweka mshahara wa 35,000 kwa wiki, ambao kwa wastani wa mwaka ni kama 152,000 kwa mwezi.

Uamuzi wa kulipa kwa wiki ulitokana na namna pesa inavyozunguka kwenye duka la aina hii. Ukitoa 120,000 siku moja kwenye duka linalouza 98,000, umebeba mauzo ya zaidi ya siku nzima, na siku hiyo ikigongana na siku ya kununua mzigo, mzigo ndio unaopunguzwa. Bi. M. hununua mzigo Jumatano. Mshahara ukawekwa Jumapili usiku, baada ya mauzo ya Jumamosi na Jumapili ambayo kwake ni makubwa, na siku 2 kamili kabla ya safari ya Kariakoo.

Bidhaa za nyumbani ziliendelea kuandikwa kwenye daftari la mlangoni kwa bei ya kununulia, na kila Jumapili jumla yake ilikatwa kwenye 35,000 kabla hajapewa kilichobaki. Tulijadili kama atozwe bei ya kuuzia. Niliona bei ya kununulia inatosha, kwa sababu lengo ni duka lisipungukiwe, na kwa sababu mtu anayejiuzia kwa faida huishia kwenda kununua sukari duka la jirani kwa hasira. Sharti lilikuwa moja: bei hiyo ni ya waliomo ndani ya nyumba tu, si ya shemeji wala jirani.

Pesa taslimu ziligawanywa kwa njia rahisi sana. Droo ni ya duka. Mkoba wa kitambaa unaokaa chumbani ni wa nyumba. Kwenye simu ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa wateja walikuwa wakimlipa kwenye laini yake ya kawaida, ile ile anayotumiwa pesa na ndugu na anayotumia kutoa michango. Alisajili Lipa Namba kwa ajili ya duka na kuibandika dirishani, na laini yake ya zamani ikabaki ya mambo yake. Wiki 3 za kwanza wateja wa siku zote waliendelea kutuma kwenye laini ya zamani kwa mazoea. Kila Jumapili alizihesabu na kuzirudisha kwenye droo.

## Mazungumzo na mume

Kwa 35,000 nyumba haiwezi kuishi wiki nzima, na hakuna ujanja wa kihasibu unaoweza kuficha hilo. Nyumba ilikuwa ikitumia 341,000 kutoka dukani. Sasa duka linatoa kama 152,000. Pengo la karibu 190,000 lilipaswa kutoka mahali.

Mume wake anaendesha bajaji ya mtu mwingine na kila jioni hupeleka hesabu. Zamani, kabla ya duka, yeye ndiye aliyekuwa akiacha pesa ya matumizi kila asubuhi. Duka lilipoanza, kidogo kidogo aliacha kuacha, si kwa ubaya, bali kwa sababu kila alipouliza kama kuna kitu nyumbani aliambiwa kipo. Daftari la mlangoni lilimwonyesha kipo kwa gharama ya nini.

Nilikuwapo jioni hiyo, nimejiandaa kueleza maana ya mtaji. Sikupata nafasi. Bi. M. alimwuliza mume wake, "Baba, ukipata elfu arobaini leo na hesabu ni elfu ishirini, unakula ngapi?" Akajibu bila kufikiri kwamba hela ya hesabu haiguswi hata kama mtu hajala tangu asubuhi. Akamwambia, "Basi na mimi duka lina hesabu yake, nami nilikuwa siipeleki." Mume alicheka, akalichukua daftari, akasoma kurasa mbili tatu. Walikubaliana aache 6,000 kila siku ya kazi, ambazo kwa siku 26 ni 156,000. Kiasi kilichosalia kiliondolewa kwa kupunguza: soda za wageni ziligeuka chai, na mkate wa kila siku ukawa wa siku tatu kwa wiki, nyingine ikawa viazi au chapati za kupika nyumbani.

Kama asingekubali, mpango wote ungekufa ndani ya mwezi, na hili nalisema kwa uhakika kwa sababu nimeona maduka mengine mawili ambako mwenzi hakushirikishwa. Mshahara ulilipwa, na bidhaa zikaendelea kupita mlangoni kama zamani.

## Yaliyoharibika njiani

Oktoba daftari la mlangoni lilianza kuwa na maandishi machache kuliko ilivyotarajiwa. Tuligundua kwa dumu la mafuta. Dumu la lita 20 likipimwa kwa kipimo cha robo lita hutoa vipimo 80. Tukiruhusu 2 vya kumwagika na kubaki kwenye dumu, tunatarajia 78. Bi. M. alikuwa akipiga alama ya mstari ukutani kwa kila kipimo kilichouzwa, na dumu lilipoisha mistari ilikuwa 69. Daftari la mlangoni lilikuwa na vipimo 4. Vitano havikuwa popote.

Alipomwuliza binti anayesaidia mchana, jibu lilikuwa la wazi: "Mama mkubwa, nikiwa napika na wateja wamesimama dirishani, naandika saa ngapi?" Alikuwa na haki. Tulikuwa tumempa kazi ya kuuza, kupika na kuweka kumbukumbu kwa wakati mmoja bila kumlipa chochote. Suluhisho halikuwa kumkaripia. Kila Jumatatu asubuhi Bi. M. alianza kupima mafuta, sukari, unga na sabuni ya wiki nzima kwa mara moja, kuandika mstari mmoja, na kuviweka jikoni. Baada ya hapo kulikuwa na sababu chache sana za kupita mlangoni katikati ya wiki. Binti naye alianza kupewa 5,000 kila Jumapili kama gharama ya duka, jambo lililopaswa kufanyika tangu mwanzo.

Januari ilileta jaribio kubwa zaidi. Mtoto wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha 1. Shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu, begi, daftari na michango ya kuanzia vilihitaji 180,000. Baba alitoa 60,000. Mkopo wa kikoba ulikuwa umemalizika Desemba, kwa hiyo Bi. M. angeweza kukopa tena huko, au angeweza kuchukua dukani.

Nilimshauri achukue dukani 120,000, lakini kwa kuandikwa kwenye daftari la madeni la wateja, kwenye ukurasa wenye jina lake, na alipe 10,000 kila Jumapili kutoka kwenye mshahara kwa wiki 12. Baadhi ya wenzangu hawangekubaliana nami, kwa sababu huko ndiko kufungua mlango tuliokuwa tukiufunga. Hoja yangu ilikuwa kwamba pesa za kikoba zina riba na zingeingia nyumbani moja kwa moja, ilhali duka lilikuwa na akiba iliyotokana na zile 40,000 za kila mwezi. Zaidi ya hapo, dharura isiyo na njia halali ya kushughulikiwa hutafuta njia ya kificho. Wiki ya 4 na ya 5 hakulipa, kwa sababu mtoto aliugua. Deni liliisha wiki ya 14 badala ya ya 12. Muhimu ni kwamba wiki hizo mbili ziliachwa wazi kwenye ukurasa, hazikujazwa kwa uongo.

## Matokeo

Tulihesabu tena mwisho wa Mei. Mtaji halisi ulikuwa 1,880,000, ukilinganishwa na 1,405,000 mwisho wa Julai, na kikoba hakimdai kitu. Mauzo yalikuwa yamepanda hadi wastani wa 112,000 kwa siku. Sioni sababu ya kupanda huko isipokuwa kwamba rafu zilikuwa na vitu; mteja anayefuata sukari na kukosa hununua na sabuni kwingine.

Ongezeko hilo ni dogo kuliko tulivyopanga. Kwa karatasi, kuanzia Septemba hadi Mei duka lilipaswa kubakiza zaidi ya 800,000, ikiwamo ile iliyolipa mkopo. Nimejaribu kufuatilia tofauti hiyo. Sehemu yake ni madeni ya wateja waliohama mtaa, 65,000, ambayo tuliyafuta. Sehemu ni posho ya binti, ambayo haikuwamo kwenye mpango. Sehemu ni wiki za mvua za Machi na Aprili ambazo mauzo yalishuka na mshahara haukushuka. Kinachobaki sina maelezo yake, na ninashuku ule mlango.

Kuna tahadhari nyingine juu ya namba 1,880,000. Bei za vyakula zilipanda katika kipindi hicho, kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni shilingi tu. Ndiyo maana Bi. M. huhesabu pia kwa vitu: Julai alikuwa na gunia 1 la sukari na mifuko 3 ya unga, Mei alikuwa na magunia 2 na mifuko 5. Hesabu hiyo ya pili inaeleweka hata na mtu asiyejua kusoma vitabu, na haidanganywi na bei.

## Uchambuzi

Jambo lililozaa matokeo zaidi ni mwezi wa kuandika bila kukataza, si mshahara wenyewe. Tungeanza na mshahara, tungepanga 340,000 kwa mahitaji ya nyumba na kuamini kwamba tumetenganisha pesa, ilhali tungekuwa tumehalalisha ulaji wa mtaji kwa jina jipya. Mshahara unaweza kupangwa tu baada ya kujua duka linabakiza nini, na hilo halijulikani bila kuhesabu mali mara mbili, mwanzo na mwisho, kwa bei ya kununulia. Droo haisemi kitu. Droo ya Bi. M. ilikuwa na pesa siku zote za miaka 3 alizokuwa akipoteza mtaji.

La pili ni kuzihesabu bidhaa kama pesa. Wengi wanaoambiwa watenganishe pesa hufungua akaunti nyingine au hununua laini nyingine ya simu na kuona kazi imekwisha. Kwa duka la vyakula lililoungana na nyumba, fungu kubwa kuliko yote katika yale matatu halikupita kwenye akaunti yoyote. Lilipita mlangoni ndani ya bakuli.

Yaliyoshindwa yalitokana na mimi zaidi kuliko na yeye. Nilichanganya faida na pesa inayoweza kutolewa, nikasahau msingi wa mkopo, na nikapuuza bei ya mzigo unaofuata. Pia sikumwuliza mtu anayesimama dirishani mchana kabla ya kumwekea utaratibu. Na tulipaswa kuweka fungu la Januari tangu Septemba, hata 5,000 kwa wiki, kwa kuwa kuingia kwa mtoto kidato cha 1 si jambo la ghafla.

Neno "mshahara" lenyewe linahitaji angalizo. Kisheria duka la mtu mmoja na mwenye duka ni mtu yule yule, na anachojilipa si gharama inayopunguza kodi ya mapato. Ni pesa anazotoa kwenye biashara yake. Kwa anayelipa kodi kwa makadirio ya mauzo, kujilipa au kutojilipa hakubadilishi chochote. Tuliliita mshahara kwa sababu lilimpa Bi. M. jibu la kuwapa ndugu. Mtu akimwomba pesa katikati ya wiki, husema mshahara wake ni Jumapili, na watu huliheshimu neno hilo kuliko wanavyoliheshimu neno mtaji.

Njia hii ina mpaka wake. Ilifanya kazi kwa sababu duka lilikuwa na faida na nyumba ilikuwa na chanzo cha pili. Kama mwezi wa kupima ungeonyesha kwamba duka linabakiza 60,000, hakuna mpango wa mshahara ambao ungeliokoa. Tungezungumza juu ya bei, bidhaa zinazokaa rafuni, au pango. Na hata kwa faida iliyopo, hesabu moja bado inamsumbua Bi. M. Kwa saa 16 kwa siku, siku 7 kwa wiki, 35,000 ni kama shilingi 312 kwa saa. Aliipiga mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, akanionyesha bila kusema neno.

Mei mshahara ulipandishwa hadi 40,000, kwa kanuni tuliyoiweka kwamba haupandi isipokuwa hesabu ya mali imeonyesha ongezeko kwa miezi 3 mfululizo, kwa shilingi na kwa magunia pia. Hesabu inayofuata ni mwisho wa Agosti. Kabla ya hapo atajaribu kufunga duka saa 3 usiku kwa mwezi mmoja, aone ni mauzo kiasi gani hasa yanayoletwa na ile saa ya mwisho.